Barua Itanguliayo Mgeni

Mgeni wa kwetu hutanguliwa na sauti yake. Akiwa bado nje, kabla hajaonekana, hubisha hodi. Halitaji jina lake wala haelezi shida yake. Neno analolituma mbele ni ombi tu: je, mpo, na mnaniruhusu niingie? Akiitikiwa "karibu" huingia, huketishwa, huulizwa habari za atokako, hupewa maji, na mwisho kabisa ndipo hueleza yeye ni nani na amekuja kwa lipi. Kila hatua ya utaratibu huu ina watu wawili. Hodi isiyopata karibu ni nusu ya neno, na shikamoo isiyopata marahaba ni mkono ulionyooshwa ukabaki hewani.

Sasa tuseme mgeni huyo yuko Mwanza, na mlango anaoubishia hodi uko Ujerumani. Hana sauti ya kutanguliza ila barua. Barua hiyo yapasa ibishe hodi, isalimu, ijitambulishe na itaje siku ya kuwasili, yote kwa mkupuo mmoja, bila mtu yeyote kuitikia katikati. Hilo ni tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la adabu, nami ningependa tulitazame kupitia barua moja niliyoiona ikiandikwa, ikafutwa, na kuandikwa upya.

Mwenye barua ni binti niliyemfundisha Kiswahili sekondari. Siku hizi anasomea udaktari pale kilimani Bugando, na alikuwa amepata nafasi ya kwenda kujifunza kwa miezi 2 katika hospitali moja ya Würzburg. Mji huo na Mwanza ni miji dada tangu mwaka 1966, hivyo njia ya kutoka ziwani hadi kwenye Mto Main imekwisha kukanyagwa na wengi kabla yake. Mume na mke waliostaafu ualimu walijitolea kumpa chumba. Walimwandikia mistari michache kwa Kiingereza: wanamkaribisha, wana mjukuu anayewatembelea kila Jumapili, nyuma ya nyumba yao kuna mizabibu, wangependa kumfahamu kidogo kabla hajafika, na wangefurahi awaite kwa majina yao tu.

Akaandika jibu, akaniletea nilitazame. Alikuwa ameliandika kwanza kwa Kiingereza, kisha akajifasiri mwenyewe kwa Kiswahili ili watu wa nyumbani kwao nao wasomewe. Lilianza kwa jina lake, likafuata umri, kisha masomo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 4, akalelewa na shangazi. Anapenda kusoma, kupika na kuimba kwaya. Ni mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, na anaweza kuishi na watu wa kila aina.

Sarufi haikuwa na dosari. Lakini nilizihesabu sentensi zake: zilikuwa 19, na kati ya hizo 16 zilianza na kiambishi cha nafsi ya kwanza. Nina, nasoma, napenda, naweza. Hapakuwa na swali hata moja. Ukiondoa jina la mji, barua ile ingeweza kwenda kwa mwajiri yeyote ikamwombea kazi, na kwa kweli umbo lake lilikuwa hilo hilo: mtu anajiuza kwa asiyemjua. Wenyeji wake hawakuwa wameulizwa hata kama hawajambo.

Umbo la zamani la barua ya Kiswahili lilikwenda kinyume na hapo. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Gotthilf Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyiko wa barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za aina hiyo humtanguliza mpokeaji. Yeye ndiye hutajwa kwanza pamoja na heshima zake, kisha huja salamu, kisha hali ya afya ya pande zote mbili, ndipo lisimame lile neno la mpaka, "wabaadu", yaani "ama baada ya hayo", ambalo baadaye tulilizoea shuleni kama "baada ya salamu". Nyuma ya mpaka huo ndiko liliko jambo lenyewe. Jina la mwandishi hukaa chini kabisa, mara nyingi pamoja na jina la baba yake.

Washairi wanaujua mpangilio huo bila kufundishwa, kwa kuwa tenzi zimejengwa juu yake. Mtunzi haanzi na nafsi yake. Huanza na Mungu, hufuata anayeambiwa, hufuata maneno, na jina la mtunzi huja kwenye tamati. Mwanakupona, katika utenzi aliomwachia binti yake mwaka 1858, anatutajia jina lake, la baba yake na mji aliozaliwa, Pate, tunapokaribia mwisho, baada ya mawaidha kumalizika. Kufikia hapo tumekwisha kumjua kwa namna alivyosema na mwanawe. Jina linakuja kuthibitisha mtu ambaye tayari tumemsikia.

Nilimweleza binti kwamba hiyo haikuwa kanuni ya kufuatwa kwa kuwa ni ya kale. Ina sababu yake. Msomaji asiyemjua mwandishi hana pa kuliweka jina analopewa kwenye mstari wa kwanza, maana halijashikamana na kitu chochote. Ukianza na yeye, ukamuuliza hali na ukamtajia watu wanaomsalimu, unamjengea ukumbi mdogo ambamo jina lako, likija, litapata pa kuketi. Naye msomaji hupata kazi ya kufanya, kwa sababu swali humdai jibu, na salamu humdai mwitikio. Barua ile ya kwanza haikumdai mtu kitu. Ilimpa taarifa akae nayo.

Binti mwenyewe ndiye aliyekumbuka kwamba kisiwani kwa bibi yake kuna mtu aliyeliandika jambo hili kwa kirefu kuliko wote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Miaka mingi baadaye alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980. Myombekere anawaendea wakwe zake kumwomba mke aliyechukuliwa na wazazi, na msomaji mwenye haraka huenda akachoka na salamu zilizomo humo: namna ya kuingia, ya kukaa, ya kuulizana habari za nyumba moja baada ya nyingine. Lakini kuna jambo zito linalomleta mtu yule, na kila salamu anayoitoa na kuitikiwa ni hatua moja ya ruhusa ya kulisema. Tulifurahi kukumbuka kwamba kitabu hicho Wajerumani wanacho kwa lugha yao, katika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1991 na 1993, kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig. Wenyeji wake waliweza kuipata Ukerewe dukani kabla mgeni hajashuka garini.

Palibaki mafundo mawili, na yote mawili yalikuwa ya majina ya kuitana.

Fundo la kwanza lilikuwa ombi la wenyeji la kuitwa kwa majina yao. Kwao huo ni ukarimu: Kijerumani kina viwakilishi viwili vya kumwambia mtu mmoja "wewe", kimoja cha heshima na kimoja cha ukaribu, na anayekupa jina lake la kwanza anakufungulia mlango wa kile cha ukaribu. Kwetu binti wa miaka 23 akimwita mama wa miaka 65 kwa jina tupu, watu hugeuka kumtazama. Kukataa ombi lao kungekuwa kuufunga mlango waliouacha wazi. Kulikubali kungemfanya ajisikie mtovu wa adabu kila anapoomba chumvi. Hata njia ya katikati, kutia "Mama" mbele ya jina, ina mtego wake, kwa sababu kwa Kiswahili "Mama" likifuatwa na jina humaanisha mama wa mwenye jina hilo. Angemfanya mwenyeji wake kuwa mzazi wa nafsi yake mwenyewe. Wale wazazi walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, baba wa yule mjukuu. Basi binti akaamua kuomba ruhusa awaite kwa jina la mwana wao, na kueleza kwa nini anaomba.

Fundo la pili lilikuwa gumu zaidi, na si mimi niliyeligundua. Alipoisoma barua ya kwanza nyumbani, kwa Kiswahili, mama aliyemlea alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Huyo shangazi aliyekulea ni yupi, mwanangu?"

Shangazi ni dada wa baba. Aliyemlea ni dada mkubwa wa mama yake, naye kwa Kiswahili ni mama mkubwa, yaani ni mama. Hakuna mtu katika mtaa wao anayemwita vinginevyo. Kiingereza humchukua mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na mkaza mjomba akawavika wote neno moja, na Kijerumani hufanya vivyo hivyo. Binti alipoandika kwa Kiingereza alitumia neno hilo kwa kuwa ndilo lililopo. Alipojifasiri kurudi Kiswahilini, neno likamrudia likiwa limebadilika sura, likamtoa mama yake upande wa mama likamhamishia upande wa baba.

Halikuishia hapo. Watoto 3 wa mama mkubwa, ambao kwake ni kaka 2 na dada 1, kwa Kiingereza waligeuka kuwa binamu, na kwa kuwa binamu si watu wa kutajwa katika barua fupi, hawakutajwa. Kwa hiyo barua ya kwanza, bila sentensi moja ya uongo ndani yake, ilikuwa inampeleka Würzburg yatima asiye na ndugu. Nyumba yake halisi ina mama, na yeye ni mtoto wa 4 kati ya 4, kitinda mimba anayetumwa dukani hadi leo. Wenyeji wangempokea kwa huruma ambayo hakuihitaji, na mama mkubwa angebaki Kirumba akiwa amefutwa katika barua aliyoilipia nauli ya kuipeleka.

Tulikubaliana kwamba neno lisilo na mwenzake katika lugha ya pili lisitafutiwe mwenzake. Liachwe kama lilivyo, lielezwe mara moja, kisha litumike kama jina. Hii hapa barua ya pili, kwa ruhusa yake, ikiwa imeondolewa majina ya watu.

Mwanza,
4 Agosti 2024

Kwa Baba na Mama wa nyumba itakayonipokea,

Hodi, hodi, kutoka Mwanza.

Shikamooni. Hii ni salamu ya kwetu, hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na jibu lake ni "marahaba". Nimeiacha kwa Kiswahili katika barua zote mbili, hii na ile ya Kiingereza, kwa sababu nikifika mlangoni kwenu nitaitoa tena kwa mdomo, nanyi mtakuwa mmekwisha kulijua jibu.

Hamjambo? Mnaendeleaje na afya zenu? Mjukuu wenu wa Jumapili hajambo, na ameanza shule au bado? Neno hilo "shule" nalitaja makusudi, maana mtalitambua mkilisikia: lilitoka kwenu, nasi tumelitumia muda mrefu hata tukasahau kwamba ni la kuazima. Mizabibu ya nyuma ya nyumba imebeba vizuri mwaka huu?

Huku sisi tu wazima. Ni kiangazi. Asubuhi ziwa huwa limetulia kama limelala, ikifika mchana upepo hulivuruga, na jioni nyumba zetu za Kirumba hupata harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni. Baadhi ya wageni huilalamikia harufu hiyo. Mimi nadhani nitaitafuta nikiwa kwenu nisiipate.

Salamu hizi si zangu peke yangu. Mama Mkubwa anawasalimu. Kaka zangu wawili na dada yangu wanawasalimu. Bibi, aliye Ukerewe, kisiwa cha mwendo wa saa 3 hivi kwa meli kutoka hapa, anawasalimu pia. Nilipomwambia nakwenda kukaa ugenini, jambo la kwanza aliloniuliza ni kama katika nyumba hiyo kuna watu wazima. Nilipomweleza kwamba ninyi ni walimu mliostaafu, alisema basi hana swali jingine.

Sasa niwaeleze huyo Mama Mkubwa ni nani, maana mtalisikia jina lake mara nyingi. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka 4. Dada yake mkubwa, ambaye kwa lugha yetu tangu siku niliyozaliwa aliitwa mama yangu mkubwa, alinichukua nikawa mtoto wake wa 4. Kiingereza kina neno la kumwita, lakini neno hilo linamweka mbali nami kuliko alivyo, kwa hiyo nimeamua nisilitumie. Yeye ni mama yangu. Watoto wake ni kaka zangu na dada yangu. Huuza vitenge karibu na soko, na ndiye aliyeniuliza maswali yote ya mwili wa binadamu kabla ya kila mtihani, akiwa ameshika daftari langu na kusoma maneno ya Kilatini kwa sauti ya Kikerewe.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4. Nakuja kujifunza kwenu namna ya kuwahudumia watoto wachanga, kwa sababu hao ndio ninaotaka kuwatibu. Si mwepesi wa kusema ninapokuwa mahali pageni. Mkiniona kimya siku za mwanzo, msidhani nimechukia wala naumwa. Nasikiliza nyumba inavyokwenda.

Mmeniomba niwaite kwa majina yenu, nami nawashukuru, maana naelewa kwamba mmenipa kitu. Lakini kwetu mtoto halitamki jina tupu la mtu aliye rika la wazazi wake, na naogopa ulimi wangu utakwama mezani. Hapa mzazi huitwa kwa jina la mwanawe. Je, mtaniruhusu niwaite Mama na Baba wa mwana wenu, kwa jina lake? Likiwa zito masikioni mwenu, niambieni bila kuona haya, nami nitajizoeza majina yenu taratibu.

Nina maswali machache. Je, viatu huvuliwa mlangoni? Usiku, ni saa ngapi nyumba hunyamaza? Chakula cha jioni nimesikia kwenu huwa mkate usiopashwa moto; ninaweza kuuzoea, ila naomba siku moja mniachie jiko niwapikie ugali na samaki, hata kama samaki mwenyewe hatakuwa sato. Kisha tuna methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naomba mniambie mapema jembe la nyumba yenu ni kazi gani.

Nitaondoka Mwanza kwa ndege, na natarajia kufika Würzburg kwa treni kutoka Frankfurt, Jumamosi tarehe 7 Septemba, alasiri. Saa kamili nitawaandikia nikishapata tiketi ya treni. Nitakuwa na sanduku la buluu, na nitavaa kitenge, kwa amri ya Mama Mkubwa, ili msiniulize mara mbili.

Kama mnapenda kusoma, kuna kitabu cha mtu wa kisiwa cha bibi yangu, Aniceti Kitereza, kilichofasiriwa kwa Kijerumani. Ndani yake mtaona tunavyosalimiana. Mkikiona kirefu, mjue kwamba hata sasa hatujafupisha sana.

Nawashukuru kwa chumba, na zaidi kwa kutaka kunijua kabla hamjaniona.

Wasalaam,
ni mimi, mgeni wenu, nikitaraji kuwa mwana wenu.

Hapo chini aliandika majina matatu, lake, la baba na la babu, kama ilivyokuwa desturi.

Wasomaji wa blogu hii wataona mara moja kilichobadilika, lakini niseme machache kuhusu kazi iliyofuata, ya kuipeleka barua hii katika Kiingereza, maana huko ndiko mambo mengi huharibika.

Sehemu ya salamu ndiyo iliyomjaribu zaidi. Kila mstari wa "hamjambo, mnaendeleaje, hajambo" ulipofasiriwa ulitoa swali lile lile la Kiingereza kuhusu hali, na maswali manne ya namna moja yakifuatana humfanya msomaji wa lugha hiyo adhani mwandishi amesahau kwamba amekwisha kuuliza. Kwa Kiswahili marudio hayo ni heshima, kwa kuwa kila swali lina mtu wake. Dawa aliyoipata ilikuwa kukifunga kila swali kwenye kitu walichokitaja wenyeji wenyewe: mjukuu, mizabibu, afya yao wawili. Swali likiwa na kitu chake halionekani kurudiwa katika lugha yoyote. Nimeona dawa hiyo ikifaa hata katika Kiswahili chetu, ambako "habari za huko" imechakaa mno hata mara nyingi hujibiwa kabla haijaulizwa.

Jambo la pili ni nafsi. Kiswahili kinamruhusu mtu aseme "sisi tu wazima" akiwa ameketi peke yake na kalamu, na msomaji wetu haulizi hao wengine ni kina nani, maana anajua nyuma ya mwandishi kuna nyumba. Msomaji wa Kiingereza huwatafuta. Ndiyo sababu aya ya salamu za nyumbani ilipaswa ije mapema, na iwataje watu mmoja mmoja. Aya hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inasalimu, na inamtambulisha binti kuwa ni wa watu. Kufikia pale anaposema "mimi ni mwanafunzi wa udaktari", ambayo katika barua ya kwanza ilikuwa sentensi ya 3, msomaji amekwisha kukutana na mama, kaka wawili, dada na bibi mmoja mkali.

La tatu ni lile la kutoificha aibu ndogo. "Si mwepesi wa kusema" ni sentensi ambayo barua ya kuomba kazi haiwezi kuibeba. Pale alikuwa ameandika kwamba anaweza kuishi na watu wa kila aina. Sentensi ya kwanza ni dai, na dai hungoja kupimwa. Ya pili ni habari inayomsaidia mwenyeji asikosee siku ya 2, atakapomkuta mgeni amekaa kimya chumbani. Kujitambulisha kwa mtu utakayelala nyumbani kwake ni kumpa habari za namna hiyo, anazoweza kuzitumia.

Barua ilisomwa tena Kirumba kabla ya kutumwa. Mama mkubwa alikuwa na sahihisho moja tu: vitenge vyake haviuzwi karibu na soko, vinauzwa ndani ya soko, na ana kizimba chenye namba. Binti alirekebisha katika Kiingereza, akasahau katika Kiswahili, nami nimeiacha hapa kama ilivyokuwa ili kizimba kisitafutwe na wasomaji.

Majibu yalikuja baada ya siku 5. Neno la kwanza kabisa, peke yake kwenye mstari wake, lilikuwa "Marahaba", limeandikwa bila kukosea herufi. Chini yake wenyeji walimsalimu Mama Mkubwa kwa jina hilo hilo, wakamuulizia bibi wa Ukerewe, wakasema mjukuu anaanza shule mwezi wa Septemba na ameshangaa kusikia kwamba neno lake limefika ziwani kabla yake. Viatu huvuliwa. Nyumba hunyamaza saa 4 usiku. Kuitwa kwa jina la mwana wao kumewachekesha na kumewapendeza, na mwana mwenyewe ameambiwa. Na kuhusu jembe, waliandika kwamba zabibu huchumwa katika siku za kukaa kwake, na kikapu cha tatu kimekwisha kutafutwa.